Uzio wa kitambaa pekee hauzuii tope la ujenzi

Mvua za masika zinapokaribia, wajenzi wengi kwenye miteremko huzungushia kiwanja kitambaa kilichofungwa kwenye nguzo, wakaamini udongo hautashuka kwa jirani. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, kitambaa hulala chini na tope huingia barabarani. Mara nyingi kitambaa hakina kosa. Kimepewa maji mengi mno.

Kipimo kinachotumiwa sana ni mita 30 za uzio kwa eneo lisilozidi mita za mraba 1,000, na maji yasiteremke zaidi ya mita 30 kabla ya kuufikia. Kwenye mteremko mkali, umbali huo upunguzwe.

Tuchukue kiwanja chenye upana wa mita 50 na urefu wa mita 100 kuelekea bondeni, yaani mita za mraba 5,000. Uzio wa mita 50 upande wa chini unaweza kuhudumia mita za mraba 1,600 hivi. Kwa hiyo tunauachia mita 30 za mwisho tu, ambazo ni mita za mraba 1,500. Juu ya hapo tunachimba mtaro wa kukinga maji ya mita 70 zilizobaki na kuyapeleka kwenye bwawa la kutuamisha tope.

Bwawa hilo liwe kubwa kiasi gani? Kanuni ya kawaida ni kubeba milimita 25 za maji kutoka eneo lote linaloliletea maji. Eneo letu ni mita za mraba 3,500. Zidisha kwa 0.025, unapata mita za ujazo 87.5. Bwawa la urefu wa mita 14, upana wa mita 7 na kina cha mita moja linachukua 98, ikiwa urefu na upana vimepimwa katikati ya kina, maana kingo hulazwa zisibomoke. Urefu ni mara mbili ya upana kwa makusudi: maji yaingie ncha moja na kutokea nyingine, la sivyo yatakatiza njia kabla tope halijatua. Njia ya maji ya ziada ipangwe mawe.

Uzio nao una masharti. Chini ya kitambaa, sentimita 15 zifukiwe kwenye mfereji na kushindiliwa, na uzio ufuate usawa wa ardhi, ncha zake zikipinda kuelekea mlimani. Ukiona vijito vinapita chini yake, haukufukiwa vizuri. Tope likifika nusu ya kimo cha uzio, au nusu ya ujazo wa bwawa, liondolewe.

Hata hivyo bwawa hili hunasa mchanga na vumbi la udongo kuliko mfinyanzi. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji zaidi ya siku tatu kushuka mita moja katika maji yaliyotulia. Maji yakitoka bado mekundu, kupanua bwawa kidogo hakutasaidia. Afadhali kuchimba kiwanja kwa awamu na kufunika kwa nyasi kavu sehemu isiyofanyiwa kazi.