Mvua Inayokatika Kila Sekunde Nane

Mei 2025 Google ilipotoa Veo 3, ikawezekana kuandika aya moja na kupata video ambayo picha na sauti vimetengenezwa kwa pamoja. Septemba mwaka huohuo OpenAI wakatoa Sora 2, nayo ikiwa na sauti. Kabla ya hapo, video nyingi za akili mnemba zilikuwa bubu, na aliyetaka sauti aliitafuta kwingine na kuibandika mwenyewe.

Ila ukiunganisha klipu hizo upate hadithi, kasoro inasikika haraka. Klipu ya Veo 3 haizidi sekunde 8, kwa hiyo filamu ya dakika moja ni vipande vinane hivi. Vikitengenezwa kimoja kimoja, kila kipande kinajizulia sauti upya bila kujua cha kwanza kilisikikaje. Mvua inapiga kwa nguvu kwenye kipande cha kwanza, kwenye cha pili ni manyunyu, na kwenye cha tatu imekata, ilhali mama yuko jikoni kulekule na sentensi yake haijaisha. Mtazamaji huenda asijue kilichomsumbua, lakini tayari amekumbushwa kwamba anachotazama kimeungwaungwa.

Watu wa sinema walikumbana na tatizo hili zamani, na dawa yao ni kugawa sauti katika matabaka. Chini kabisa ipo sauti ya chumba, yaani ule mvumo hafifu unaobaki watu wote wakinyamaza: friji, upepo dirishani, mwangwi mdogo wa kuta. Hakuna vyumba viwili vyenye mvumo mmoja. Ndiyo maana baada ya kupiga tukio, mrekodi sauti huwaomba wote watulie nusu dakika au dakika nzima ili arekodi ukimya wa mahali pale, aje kuutandika chini ya mazungumzo wakati wa kuhariri. Juu yake zinakuja sauti za mazingira, kama mvua, mtaa au ndege. Juu kabisa ni foli: nyayo, nguo inayosugua, kikombe kinachotua mezani. Jina hilo linatokana na Jack Foley wa studio za Universal huko Marekani, aliyeanza kuzitengeneza sauti za aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipokuwa zimeanza kusema.

Anayeandika promti anapaswa kuyaandika matabaka hayo kwa mpangilio huohuo, kuanzia chini. Wengi wanaanza na foli kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha, kisha wanaiacha programu ijaze yaliyobaki. Nayo hujaza kweli: mara nyingi inaweka muziki ambao hakuna aliyeuomba, au minong'ono ya watu wasioonekana.

Tuchukue mfano wa matukio matatu. Mama anakuna nazi jikoni, mvua inanyesha juu ya bati. Kijana anaingia mlangoni, ameloa. Kisha tunawaona kwa nje, kupitia dirishani. Promti ya tukio la kwanza, upande wa sauti, inaweza kuwa hivi:

```
Chumba: jiko dogo la kuta za saruji, mwangwi mfupi na mkavu.
Mazingira: mvua ya wastani isiyobadilika juu ya paa la bati,
inasikika kutoka ndani.
Foli: meno ya chuma yanakwangua nyama ya nazi, karibu sana,
taratibu; nazi iliyokunwa inadondoka kwenye bakuli la plastiki.
Sauti hizi tu. Hakuna muziki, hakuna mazungumzo.
```

Tazama maneno "ya wastani isiyobadilika". Ukiandika "mvua" peke yake, programu huchagua yenyewe ukubwa wake, na kila klipu itachagua wake. Foli nayo imeelezwa kwa kutaja kitu gani kinagusa kitu gani, kwa mwendo gani, kwa umbali gani. Jina la kifaa halitoshi, maana programu inaweza isikijue kifaa chenyewe, lakini chuma, nazi na plastiki inavijua. Foli mbili zinatosha kwa sekunde 8. Ukiomba tano, zitarundikana, na mkwaruzo utasikika mkono ukiwa umeshasimama.

Kwenye tukio la pili, mistari ya chumba na mazingira inanakiliwa neno kwa neno. Usiipambe wala usitafute visawe, kwa kuwa "mvua kubwa" na "mvua nzito" zinaweza kukuletea mvua mbili tofauti. Kinachobadilika ni foli peke yake: mlango wa mbao unasukumwa, ndala zilizoloa zinapiga sakafu ya saruji hatua tatu.

Tukio la tatu ndilo gumu. Mvua ni ileile, lakini sikio limehamia nje. Ndani bati lilikuwa linalia juu ya kichwa, kelele moja nene isiyo na nafasi. Nje bati liko mbali kidogo, na karibu yetu matone yanapiga udongo na majani, huku maji yakichuruzika kutoka ukingo wa paa. Mkwaruzo wa nazi sasa unapita ukutani, kwa hiyo ni mdogo na hauna ukali. Andika yote hayo. Mwandishi asipobadilisha mahali pa sikio, mtazamaji ataona ua lakini atasikia jiko.

Hata ukinakili maneno vizuri, vipande havitalingana kabisa, maana programu haihifadhi ile mvua ya kwanza mahali popote. Tena sauti inakuja imeshachanganywa na kuwa mkondo mmoja, kwa hiyo huwezi kuishusha mvua bila kuishusha na nazi. Ninavyoona mimi, njia bora ni kuomba mazingira hafifu kwenye promti, foli iwe safi, kisha utandike mvua yako mwenyewe chini ya klipu zote za ndani kwenye programu ya kuhariri. Simu inatosha kuirekodi. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, zima mtandao isije ikaita, rekodi dakika moja bila mtu kusogea. Tandika rekodi hiyo mfululizo bila kuikata penye maungio, na sauti za klipu zenyewe zipishane kwa takriban nusu sekunde, moja ikififia huku nyingine ikipanda. Kwenye tukio la nje, badilisha rekodi pale picha inapobadilika. Hapo mabadiliko yana sababu inayoonekana, na sikio linayapokea.

Kujua kama imekaa sawa, fumba macho na usikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Ukiweza kuonyesha kwa kidole mahali klipu zilipoungana, kazi bado. Kisha uzime ule mvumo wa chini kwa muda. Kama hujaona tofauti yoyote, ulikuwa mdogo mno; kama umeshtuka, ulikuwa mkubwa mno. Kiasi kizuri ni kile kinachokufanya uhisi chumba kimekuwa kitupu.

Mwisho isikilize tena kwa spika ya simu ya kawaida, kwa sababu wengi wataitazama hapo. Spika hizo ndogo hazitoi vizuri sauti nzito za chini, kwa hiyo ngurumo ya mbali au jenereta uliyoiweka kwa uangalifu inaweza isisikike kabisa. Ikiwa hadithi inaitegemea ngurumo hiyo, rudi kwenye promti uombe ngurumo yenye mpasuko wa juu, au bati linalotetemeka baada yake.