Gawa 72 kwa riba, ujue pesa zako zitaongezeka maradufu lini

Chama chetu kina watu watano. Kila mwezi kila mmoja huchanga Sh2,000, na baada ya miezi kumi tulikuwa na Sh100,000 kamili kwenye akaunti. Jumapili moja tukakutana kwenye kibanda cha chai Roysambu kuamua zitaenda wapi.

Mwenzetu mmoja alikuja na simu mkononi na macho yanang'aa. "Wasee, nimepata kitu. Unaweka pesa, baada ya miezi sita zinarudi mara mbili. Jamaa wangu ashalipwa tayari."

Mweka hazina wetu, dada anayefanya kazi ya kuweka vitabu vya hesabu dukani, hakubishana naye. Aliuliza tu, "72 gawa kwa sita ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi wanatuahidi asilimia 12 kila mwezi. Si kwa mwaka, buda, kwa mwezi. Hao watu wanafanya biashara gani?"

Meza ikanyamaza. Hesabu hiyo ya sekunde tano ndiyo iliyookoa laki yetu, na hivi ndivyo inavyofanya kazi.

Inaitwa kanuni ya 72. Ukitaka kujua pesa zitachukua muda gani kuongezeka maradufu, chukua 72 ugawe kwa kiwango cha riba. Riba ikiwa asilimia 6 kwa mwaka, 72 gawa kwa 6 ni miaka 12. Ikiwa asilimia 9, ni miaka minane. Unaweza pia kuigeuza, kama alivyofanya mweka hazina wetu: gawa 72 kwa muda ulioahidiwa, upate riba iliyofichwa ndani ya ahadi. Cha kuzingatia ni kwamba kipimo kifanane. Riba ya mwaka hukupa jibu la miaka, na riba ya mwezi hukupa miezi.

Kanuni hii si ya juzi. Mtawa Mwitaliano Luca Pacioli aliiandika katika kitabu chake cha hesabu kilichochapishwa Venisi mwaka wa 1494. Wataalamu wa hesabu watakwambia kwamba nambari halisi, riba ikiongezwa kila wakati bila kukoma, ni kama 69.3. Lakini 72 hugawanyika vizuri kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12, kwa hivyo huhitaji kikokotoo. Isitoshe, riba ikiwa karibu asilimia 8, jibu lake hukaribia ukweli kabisa.

Turudi mezani. Mweka hazina alichukua kitambaa cha karatasi akaifuata ahadi ile hadi mwisho. Laki moja ikiongezeka maradufu kila miezi sita, baada ya mwaka ni Sh400,000. Baada ya miaka miwili ni Sh1.6 milioni. Baada ya mitatu, Sh6.4 milioni. Na baada ya mitano ni zaidi ya Sh102 milioni, kutoka kwa laki moja ya watu watano wanaokunywa chai ya kibandani. "Mtu mwenye mashine kama hiyo," akasema, "angekopa benki atajirike peke yake. Mbona anatafuta ngiri zetu?"

Yule jamaa aliyelipwa je? Huenda alilipwa kweli. Katika utapeli wa aina hii, wa kwanza hulipwa kwa pesa za wanaoingia baada yao ndipo wakaite wengine. Kulipwa kwake hakuonyeshi kwamba kuna biashara yoyote.

Sasa swali likawa: tukiziweka mahali pa kueleweka, tutangoja hadi lini? Tulikuwa tunaangalia hazina za uwekezaji katika soko la fedha, zile vijana huita MMF, ambazo husimamiwa na kampuni zenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tuseme hazina imetangaza asilimia 10 kwa mwaka. Wengi wetu tulikimbilia kugawa 72 kwa 10 tukapata miaka saba na kidogo. Mweka hazina akatikisa kichwa. Serikali hukata kodi ya asilimia 15 kwenye riba, si kwenye akiba yenyewe. Kwa hivyo ile 10 inabaki 8.5. Gawa 72 kwa 8.5, unapata kama miaka minane na nusu.

Tulihakikisha kwa njia ndefu. Sh100,000 kwa asilimia 8.5 huwa Sh108,500 mwisho wa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili riba inahesabiwa kwa jumla hiyo mpya, unapata kama Sh117,700. Ukiendelea hivyo, mwisho wa mwaka wa nane uko karibu Sh192,000, na nusu mwaka baadaye umegonga laki mbili. Kanuni haikutudanganya.

Lakini hapo kuna sharti: lazima riba ibaki ndani izae riba nyingine. Ukiitoa kila mwaka ununue viatu, akiba inabaki laki moja na unapata Sh8,500 zilezile kila mwaka. Kukusanya laki ya pili kwa njia hiyo ni karibu miaka 12. Na riba za hazina hizi hupanda na kushuka, kwa hivyo miaka minane na nusu ni makadirio, si ahadi.

Kuna kitu kingine kinachoongezeka maradufu: bei. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumko wa bei wa asilimia 5, na nafasi ya 2.5 juu au chini. Kwa asilimia 5, 72 inakupa miaka 14 na miezi michache kabla ya kitu cha Sh100 kuuzwa Sh200. Pesa zilizolala kwenye simu bila riba hupoteza nusu ya nguvu yake katika muda huo. Hata zile za asilimia 8.5, ukitoa 5 ya mfumko unabaki na 3.5, na 72 gawa kwa 3.5 ni zaidi ya miaka 20. Huo ndio muda ambao laki yetu itachukua kununua vitu mara mbili ya inavyonunua leo. Ndiyo maana hatukuacha kuchanga, kwani kanuni hii haihesabu ile Sh2,000 ya kila mwezi, na kwa miaka ya mwanzo mchango hukuza mfuko kuliko riba.

Tumia 72 kwenye madeni pia. Mkopo wa simu wa asilimia 8 kwa mwezi, ukiendelea kuusukuma mbele huku riba ikirundikwa juu ya riba, huwa maradufu kwa miezi tisa.

Ila usiitegemee riba ikiwa kubwa mno. Kwa asilimia 24 itakwambia miaka mitatu, na ukweli ni kama mitatu na robo. Kwa asilimia 72 itakwambia mwaka mmoja, jambo lisilowezekana, maana kuongezeka maradufu kwa mwaka mmoja kunahitaji asilimia 100.

Yule mwenzetu alikunywa chai yake polepole. Kisha akauliza, "Hiyo MMF, fomu zake ziko wapi?"