Faida imepanda, samaki hawakuongezeka

Vijana wetu wanaosomea uhasibu ninaokaa nao huzitaja haraka sifa za taarifa bora ya fedha: ufaafu, uwakilishi wa kweli na ulinganifu. Ukiwapa hesabu mkononi, wengi hawazioni zilipo. Tuchukue mfano wa kubuni, wa mambo tunayoyajua hapa Pwani.

Kikundi cha wavuvi kimenunua mashine ya boti kwa shilingi 400,000, kikakadiria itadumu miaka 5. Uchakavu kwa mwaka basi ni 80,000. Mwaka wa kwanza, baada ya kulipa mafuta, barafu na mabaharia, kimebaki na 150,000. Ukitoa uchakavu, faida ni 70,000. Mwaka wa pili kimebaki na 130,000 tu, lakini hesabu zaonyesha faida ya 90,000. Sacco inayoombwa mkopo yaona kikundi kinanawiri.

Siri iko kwenye mashine. Mweka hazina ameamua kuwa imebakiwa na miaka 8, si 4. Thamani iliyosalia, 320,000, ukiigawa kwa 8 wapata uchakavu wa 40,000. Kwa makadirio ya zamani, faida ingekuwa 50,000. Yaani imeshuka.

Anza na ufaafu. Habari hufaa ikiwa yaweza kubadilisha uamuzi wa anayeisoma. Tofauti ya 40,000 yaweza kuifanya Sacco ikatae mkopo, kwa hiyo haifichiki.

Uwakilishi wa kweli wataka habari iwe kamili, isiyopendelea upande, na isiyo na makosa. Makadirio si uongo, kwani hakuna ajuaye siku mashine itakapokufa. Uliza yametoka wapi. Ikiwa fundi ameikagua na kuona ni nzima, sawa. Ikiwa miaka imeongezwa ili Sacco ifurahi, hesabu zimependelea.

Ulinganifu nao haumaanishi njia ya hesabu isibadilike kabisa. Wataka mabadiliko yawe na sababu, na athari yake iandikwe. Sentensi moja chini ya hesabu ingetosha: uchakavu umepungua kwa 40,000 kwa sababu makadirio ya uhai wa mashine yamebadilishwa. Msomaji angejitolea mwenyewe jibu la 50,000.

Kwenye mtihani, kumbuka mpangilio wake. Bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu yaziweka mbili za kwanza kuwa sifa za msingi. Ulinganifu huongeza manufaa tu. Kikundi kikiandika kila mwaka deni la 60,000 la hoteli iliyofunga na isiyoweza kulipa, kama kwamba pesa zaja, hesabu zake zitalingana mwaka hadi mwaka. Lakini zitakuwa zarudia jambo lile lile lisilo kweli, na kulingana hakuziokoi.