Makaburi ya Dodoma: tuanze na upepo na kibla

Mara nyingi eneo la makaburi huchorwa safu za makaburi kwanza, na waombolezaji wakaachiwa kipande kilichobaki. Kwa Dodoma, nashauri tuanze na mambo yasiyobadilika: upepo, jua na kibla.

Kutoka Dodoma, Makka iko karibu kaskazini kabisa, imeelekea mashariki kwa nyuzi 8 hivi. Maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, hivyo kaburi lake hulala mashariki na magharibi. Kaburi la Mkristo nalo kwa desturi hulala hivyo. Sehemu hizo mbili, hata zikitenganishwa, zinaweza kupangwa kwa mwelekeo unaokaribiana na kuhudumiwa na njia zilezile.

Upepo huvuma zaidi kutoka mashariki, na kiangazi huja na vumbi. Kwa hiyo uwanja wa kukusanyikia uwe mashariki ya makaburi, udongo unaochimbwa usiwapeperukie watu. Wanaomsalia marehemu wakielekea kaskazini hawatakuwa na makaburi mbele yao. Maziko mengi ni ya alasiri, basi miarobaini ipandwe magharibi ya uwanja ili iwape kivuli.

Chumba cha kuoshea maiti kikae kando ya uwanja huo, na kiwe na milango miwili: mwili uingie kwa mmoja na utoke kwa mwingine, ukiwa umekwisha kukafiniwa. Meza iwe ya saruji laini, kimo cha kiuno, imeinama kidogo upande wa miguu, ili maji yenye majani ya mkunazi na kafuri yaishie kwenye mfereji, yasimwagike miguuni mwa waoshaji. Madirisha yawe juu ya vichwa vya watu.

Maji ndiyo shida. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 100 likikinga asilimia 80 ya mvua hiyo, tunapata lita 45,600. Tukikadiria lita 250 kwa msiba mmoja, za kuosha maiti na za waombolezaji kutawadha, tangi la lita 20,000 lililojaa mwishoni mwa Aprili linatosha misiba 80 hadi mvua zirudi.

Maji machafu yaende kwenye shimo la kufyonza, upande wa chini, mbali na visima. Kwanza chimba shimo la majaribio na ulijaze maji jioni. Yakikutwa asubuhi, huo ni udongo mzito wa mbuga. Haufai kwa shimo hilo, na makaburi yake yatatitia masika.

Magari yaishie getini. Kuanzia hapo njia iwe na upana wa mita 3, isiyo na ngazi, ikipinda mara moja nyuma ya tuta lenye miti ili barabara isionekane na kelele zake zipungue. Wabebaji hupokezana wakiwa wanatembea, na njia nyembamba huwasukuma juu ya makaburi ya watu wengine.

Ndugu zangu wa kamati za mitaa, kabla ya kupitisha ramani, wekeni kamba chini kufuata mchoro, kisha bebeni jeneza tupu kutoka getini hadi kaburi la mwisho. Pale wabebaji watakapokwama, choreni upya.