Pesa za Nyumbani kutoka Riyadh: Simu au Benki?

Kampuni ikitangaza kwamba inatuma pesa bure, usidhani inatoa sadaka. Faida yake imo kwenye bei ya kubadilishia fedha. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola: dola 1 ni riyali 3.75. Kwa hiyo dola ikiuzwa shilingi 129 za Kenya, gawanya kwa 3.75 upate bei halisi ya riyali, shilingi 34.40. Ukipewa 33.90, nusu shilingi ya kila riyali imebaki kwao.

Tumchukue dada anayefanya kazi za nyumbani Riyadh, ametenga riyali 800 kwa ajili ya mama yake Kitui. Tuseme kampuni ya kutuma kwa simu inakata ada ya riyali 15 na kubadilisha kwa 33.90. Mama ataona shilingi 26,611 kwenye M-Pesa, mara nyingi ndani ya dakika chache. Benki nayo inatoa bei nzuri zaidi, 34.30, ila ada yake ni riyali 50. Hiyo inaacha shilingi 25,725, na safari haijaisha: pesa za benki hupitia benki nyingine katikati, nayo huenda ikajikatia chake njiani. Ikichukua dola 15, mama anabaki na takriban 23,800. Ndiyo maana mtumaji huulizwa kwenye fomu nani atalipa gharama. Akichagua SHA, makato ya njiani humwangukia mpokeaji. Akichagua OUR, anayabeba yeye.

Sasa dada huyo huyo amalize mkataba akiwa na riyali 8,000 za kununulia shamba. Kwa hesabu zile zile, simu inaleta shilingi 270,691 na benki 270,750. Wamelingana! Kuanzia hapo, kadiri kiasi kinavyopanda, bei nzuri ya benki inazidi kufidia ada zake. Isitoshe, M-Pesa haipokei zaidi ya shilingi 250,000 kwa mkupuo mmoja, na akitaka noti mkononi, mama atalipia kutoa kwa wakala. Binafsi, pesa za shamba ningezipitisha benki hata kama zingepungua kidogo, kwa sababu taarifa ya akaunti itamfaa siku ya kubishana na ndugu.

Benki ina kalenda yake pia. Saudia hupumzika Ijumaa na Jumamosi, Kenya Jumamosi na Jumapili. Hawala iliyopelekwa Alhamisi jioni huenda isiguswe hadi Jumatatu, kwa hiyo karo ya Jumatatu asubuhi itumwe mapema wiki hiyo.

Simu nayo hukwama, hasa kwa majina. Laini ya mama ikiwa ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu, jina aliloandika mtumaji halitalingana na la laini, na pesa zinaweza kuzuiliwa au kurudishwa. Kabla ya kutuma mara ya kwanza, mwambie asome jina lililosajiliwa, herufi kwa herufi.