Mia moja ujumlishe sitini, upate hasi tisini na sita

Mwambie mtoto wa darasa la pili ajumlishe 100 na 60, atakujibu 160. Kompyuta inayotunza kila namba kwa biti nane itajibu -96, tena bila kusita. Haijaharibika. Imefuata kanuni zake sawasawa, na ukizijua kanuni hizo utaweza kubashiri jibu hilo la ajabu kabla halijatokea.

Biti ni tarakimu inayoweza kuwa 0 au 1 tu. Zikipangwa nane, kutoka kulia zina thamani ya 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Kompyuta haina mahali pa kuandika kistari cha hasi, kwa hiyo wataalamu walikubaliana kwamba biti ya kushoto kabisa ihesabiwe kuwa -128 badala ya 128. Mtindo huu huitwa kijalizo cha mbili. Namba kubwa kuliko zote inakuwa 01111111, yaani 127, na ndogo kuliko zote ni 10000000, yaani -128.

Tuchukue -37. Kwanza iandike 37 yenyewe: ni 32 na 4 na 1, kwa hiyo 00100101. Kisha geuza kila tarakimu, 0 iwe 1 na 1 iwe 0, upate 11011010. Mwisho ongeza 1: 11011011. Hakiki kwa kujumlisha thamani za nafasi zenye 1: -128 + 64 + 16 + 8 + 2 + 1, jibu ni -37.

Kwa nini kugeuza na kuongeza 1 kunaleta hasi? Namba yoyote ukiijumlisha na mgeuzo wake unapata 1 katika nafasi zote nane. Ongeza 1 tena, nafasi zote zinarudi 0 na ile 1 ya kubeba inasukumwa hadi nafasi ya tisa, ambayo haipo, ikapotea. Jumla ni sifuri, na namba inayojumlishwa na 37 ikaleta sifuri ni -37 tu. Uzuri wake ni kwamba mashine haihitaji saketi ya pekee ya kutoa. Ile ile ya kujumlisha inatosha:

```
  11011011   (-37)
+ 00110010   ( 50)
----------
1 00001101   ( 13)
```

Ile 1 iliyochomoza kushoto inatupwa, na 13 ni jibu sahihi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza: wakiona biti imetoka nje, wanadhani hesabu imefurika. Kwa namba zenye alama, hiyo peke yake si dalili ya chochote.

Sasa turudi kwenye 100 na 60:

```
  01100100   (100)
+ 00111100   ( 60)
----------
  10100000   (-96)
```

Safari hii hakuna kilichotoka nje, na bado jibu ni bovu. Jibu sahihi, 160, linazidi 127, hivyo limevamia biti ya alama. Dalili ya kufurika ni hii: namba mbili zenye alama moja zikijumlishwa zikatoa jibu lenye alama tofauti, jibu hilo si la kweli. Chanya na hasi zikikutana haziwezi kufurika kamwe, kwa sababu jibu linaangukia kati ya hizo mbili. Prosesa hutambua hali hiyo kwa njia nyingine yenye matokeo yale yale: hulinganisha 1 inayobebwa kuingia kwenye biti ya alama na inayobebwa kutoka humo. Zikitofautiana, imefurika.

Tatizo ni kwamba prosesa ikishatambua, programu isipouliza haitaambiwa. Katika lugha ya Java, `a + b` hupinduka kimyakimya, ilhali `Math.addExact(a, b)` husimamisha kazi na kutangaza kosa. Kwa hesabu za fedha au muda, mimi ningechagua hiyo ya pili kila mara.

Muda una tarehe yake tayari. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32, na kikomo chake ni 2,147,483,647. Kwa saa za Afrika Mashariki, kikomo hicho kitafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma Desemba 1901. Dawa ni kutumia biti 64. Wala si jambo la kungoja 2038: mkopo wa nyumba wa miaka 15 uliotolewa mwaka 2024 unamalizika 2039, na programu inayokokotoa tarehe hiyo kwa biti 32 inakosea leo.