Siku ya Pili Baada ya Busu la Kwanza

Tuwachukue watu wawili wa kufikirika. Mmoja ni nesi wa miaka 27 anayeishi Mugumu, wilayani Serengeti. Mwingine ni fundi umeme wa miaka 30 kutoka Tarime. Walikutana harusini, wakabadilishana namba, wakaongea kwa simu miezi minane. Jumamosi moja kijana amepanda basi kuja kumwona. Wamekula wali na samaki, wametembea hadi jua likakaribia kuzama, na sasa wako pembeni ya stendi, gari la mwisho la kurudi Tarime linajaza abiria.

Nesi ananyoosha mkono, kama anavyoagana na watu wote. Kijana ameshafungua mikono yote miwili. Nesi anaona, anaurudisha mkono wake na kusogea mbele, na paji la uso wake linagonga kidevu cha kijana. Wanacheka kidogo. Kijana anajipa moyo na kuinamisha kichwa kumbusu, lakini vichwa vyao vinainama pande zisizolingana, pua zinagongana, na busu linaishia karibu na sikio. Wanasema "samahani" kwa pamoja. Konda anapiga kelele, kijana anapanda gari. Usiku ule nesi anaandika ujumbe na kuufuta mara nne. Kijana naye anaiangalia simu hadi saa sita, haandiki kitu.

Aibu ya namna hii ina sababu zinazoweza kuelezwa, na ya kwanza iko shingoni.

Mwaka 2003 mwanasayansi Onur Güntürkün wa Ujerumani alichapisha matokeo ya kazi iliyomchukua muda mrefu: aliwatazama wapenzi wakibusiana kwenye viwanja vya ndege, vituo vya treni na bustani katika nchi tatu. Kati ya jozi 124 alizohesabu, karibu theluthi mbili waliinamisha vichwa kulia. Waliobaki waliinamisha kushoto. Mtu hachagui kwa kufikiri. Shingo yake ina upande inaoupenda, kama mkono unavyopenda kuandika upande mmoja. Ukikutana na mtu ambaye shingo yake inapenda upande tofauti na wako, na hakuna aliyewahi kumbusu mwenzake, nyuso zitagombania nafasi moja. Tukichukua kwamba theluthi mbili ya watu wanapenda kulia na theluthi moja kushoto, na kila mmoja anafuata upande wake bila kumsoma mwenzake, hesabu inatoa migongano minne katika kila mabusu tisa ya kwanza. Ni hesabu ya karatasini tu, lakini inatosha kuonyesha kwamba yaliyotokea Mugumu si ushahidi wa ushamba wa mtu yeyote.

Swali ni kwa nini watu waliozoeana hawagongani. Jibu zuri lilitoka Bangladeshi mwaka 2017, na nalipenda kwa sababu huko, kama kwetu, watu hawabusiani hadharani. Watafiti hawakuweza kukaa uwanja wa ndege wakahesabu. Waliwaomba wanandoa 48 wabusiane nyumbani kwao faraghani, kisha kila mmoja aingie chumba chake na kujaza maswali bila kumwuliza mwenzake. Ilionekana kwamba anayeanza ndiye huchagua upande, na mara nyingi alikuwa mume, na anayepokea humfuata. Walipojaribu kwa makusudi kuinamisha vichwa pande zisizolingana, walisema hali ile haikuwa na raha. Kwa maneno mengine, ulaini wa busu ni kazi ya mpokeaji kusoma mwili wa mwenzake kwa nukta moja au mbili kabla ya kugusana. Nesi wetu alikuwa bado anarudisha mkono wa salamu; hakuwa na nukta hiyo.

Na mkono ule wa salamu una historia yake. Mwaka 2015 wanaanthropolojia wakiongozwa na William Jankowiak walipitia maandishi kuhusu jamii 168 duniani, wakakuta busu la mapenzi la mdomo kwa mdomo limeandikwa katika jamii 77 tu, chini ya nusu. Kwa wakulima wadogo na wawindaji wa Afrika kusini mwa Sahara halikuandikwa kabisa. Hilo halimaanishi kwamba babu zetu hawakubusiana, maana mgeni mwenye daftari haruhusiwi kuingia kila chumba. Linamaanisha kwamba halikuwa jambo la kuonwa, na lisiloonwa halifundishwi. Mtoto wa Tarime hujifunza kutoa mkono kwa kuwatazama wakubwa mara elfu. Busu huenda amelitazama kwenye tamthilia peke yake, ambako waigizaji wamelirudia mpaka limekaa sawa.

Sasa usiku. Mtu anapoaibika, mwili humwaga adrenalini, moyo hukimbia, na mishipa midogo ya uso hutanuka ikajaa damu ya moto. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, lakini joto lile mashavuni mwenyewe analisikia vizuri. Linapita baada ya dakika chache. Kinachobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inafanyiwa kazi usingizini.

Watafiti wa Uholanzi waliliona hilo kwa njia ya ajabu kidogo. Waliwaalika watu kuimba kwa kufuata wimbo, wakawavalisha vifaa masikioni ili wasijisikie, kisha wakawarudishia sauti yao wenyewe, mbovu, isiyofuata muziki. Aibu ilikuwa ya kweli, na mashine ya kupiga picha za ubongo ilionyesha amigdala, kiungo kidogo kinachohusika na hofu na hatari, ikiwaka. Walilala, wakarudishiwa sauti ileile. Kwa waliopata usingizi wa ndoto uliotulia, amigdala ilikuwa imepoa. Kwa wale ambao usingizi huo ulikatikakatika, haikupoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ndiyo maana ujumbe unaoandikwa saa tano usiku, moyo bado unadunda, mara nyingi huwa mrefu kupita kiasi au mkali bila sababu. Kuufuta mara nne hakukuwa woga. Kulikuwa busara ya mwili.

Usingizi hata hivyo hupooza uchungu tu. Haumwambii nesi kijana anafikiri nini. Na hapo kuna sababu nyingine ya aibu, iliyo kichwani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mannheim, Ujerumani, waliwataka watu wafikirie mambo kama kuwa wa kwanza kumwambia rafiki kwamba unampenda. Waliojifikiria wenyewe wakifanya hivyo waliona udhaifu. Waliomfikiria mtu mwingine akifanya hivyohivyo waliona ujasiri. Tofauti ni umbali: wewe unaona kila kitu kidogo, jasho la kiganja, kidevu kilichogongwa, sauti iliyokwama, mwenzako anaona mtu aliyethubutu. Kwa hiyo Jumapili asubuhi kuna watu wawili, mmoja Mugumu na mmoja Tarime, kila mmoja anadhani ni yeye aliyeharibu, na kila mmoja anamfikiria mwenzake vizuri kuliko mwenzake anavyojifikiria. Wakinyamaza wiki nzima, kila mmoja ataufasiri ukimya wa mwenzake kuwa ni kukataliwa.

Ndipo neno jepesi linapohitajika. Saa nne asubuhi kijana anapiga simu. Baada ya salamu na habari za kulala anasema:

"Kidevu changu kinakuulizia."

Kimya kidogo. Kisha nesi:

"Kiambie paji langu linaomba radhi, mura. Lilikuwa na haraka."

Wanacheka wote wawili. Halafu kijana anaongeza, kwa sauti ya kawaida sasa: "Lakini nilifurahi. Wewe je?"

Tazameni neno hilo lilivyojengwa. Utani umelenga kidevu na paji la uso, yaani tukio, wala haukumlenga mtu. Angesema "hujui kukumbatia wewe", maneno yangekuwa machache vilevile lakini nesi angebaki na kidonda. Kijana amechukua sehemu yake ya kosa kwanza, akaacha nafasi nesi achukue yake. Na baada ya kicheko limekuja swali la wazi. Mimi naliona swali hilo kuwa muhimu kuliko utani wenyewe, kwa sababu utani umefungua mlango tu. Swali ndilo linaloleta habari iliyokosekana usiku kucha.

Simu pia imefanya kazi ambayo ujumbe wa maandishi usingeifanya. Kicheko kinasikika kama kimetoka kwa mmoja au kwa wote wawili. Mwaka 2015 Laura Kurtz na Sara Algoe wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliwarekodi wapenzi wakisimulia walivyokutana mara ya kwanza. Wale waliotumia muda mwingi zaidi wakicheka kwa wakati mmoja ndio waliosema wako karibu zaidi na wanasaidiana. Utafiti huo hausemi kama kicheko ndicho kilicholeta ukaribu au ukaribu ndio ulioleta kicheko, lakini unatofautisha wazi kicheko cha pamoja na cha peke yako.

Kwa watu wa Tarime na Serengeti kuna jambo lingine la kuzingatia, na linahusu mahali pa kuusemea utani huo. Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wakurya miaka ya 1950, alieleza mwaka 1962 jinsi jamii hiyo inavyogawanyika katika marika ya vizazi. Kati ya kizazi na kizazi kinachofuatana, baba na mwana, mama mkwe na mkwe, kuna heshima kali na kuepukana. Mambo ya mapenzi hayatajwi hata kwa mzaha. Ndani ya kizazi kimoja, na kati ya babu na mjukuu, ulimi una uhuru. Kwa hiyo maneno yaleyale ya kidevu na paji, yakisemwa kwenye simu iliyowekwa sauti kubwa huku mama amekaa jikoni, yatageuka fedheha. Kijana mwenye akili huuliza kwanza: "Uko peke yako?" Na akiyapeleka kwa washkaji kijiweni, ameyatoa mahali pake, hata kama hakutaja jina.

Kuna wakati ambapo utani haufai kabisa. Ukitaja kidevu na upande wa pili ukajibu "sawa" bila kucheka, au akabadilisha habari, au akacheka baada ya kuchelewa kana kwamba anakuridhisha, usirudie mzaha ukidhani hakusikia. Huenda lile kumbatio hakulitaka. Alinyoosha mkono, kumbuka, na mkono ulikuwa jibu. Acha mzaha, mwulize waziwazi kama ulimkosea kwa kumkumbatia, na akisema ndiyo, omba radhi bila maelezo marefu, na safari ijayo mpe mkono.